Vifungu vya kuburuta na kuandamana

Vifungu vya kuburuta na kuandamana ni masharti ya mkataba wa wanahisa yanayoamua nani atauza pale mwanahisa mkubwa anapopata mnunuzi. Cha kuburuta humlinda mkubwa: wachache hawawezi kukwamisha uuzaji wa kampuni nzima. Cha kuandamana huwalinda wachache wasiachwe chini ya bwana mpya wasiyemchagua.

Wanahisa wachache si wadogo daima. Kiwanda cha sukari cha TPC, Moshi, kilipobinafsishwa mwaka 2000, serikali ilibaki na asilimia 25.

Chukua mfano wa kampuni ya kukoboa kahawa Moshi yenye hisa 1,000: Asha 700, Baraka 200, Chuwa 100. Mnunuzi akitaka hisa zote kwa shilingi 50,000 kila moja, Asha huwaburuta wenzake. Chuwa, apende asipende, hupokea milioni 5. Mnunuzi akitaka hisa 700 tu, Baraka na Chuwa huandamana na Asha kwa uwiano: Asha huuza 490, Baraka 140, Chuwa 70.

Hila ya kawaida ni mkubwa kulipwa pembeni, kwa jina la ada ya ushauri, ili bei ya hisa ionekane ndogo. Kwa hiyo kifungu hudai bei na masharti yaleyale kwa wote.

Mkataba huwafunga waliousaini tu. Ndiyo maana masharti haya huingizwa pia katika katiba ya kampuni inayosajiliwa BRELA, ili yamfunge hata anayerithi hisa.