Meli mbili zikikutana baharini: ipi inapaswa kupisha?

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 2017, yapata saa saba na nusu, manowari ya Marekani USS Fitzgerald iligongana na meli ya makontena ACX Crystal nje ya pwani ya Japani, karibu na rasi ya Izu. Mabaharia saba wa manowari hiyo walifariki dunia.

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinaeleza wajibu wa kila nahodha katika hali kama hiyo. Vyombo viwili vya injini vikielekeana uso kwa uso, hakuna chenye haki zaidi ya mwenzake: kila kimoja hugeukia kulia, ili vipishane ubavu wa kushoto kwa ubavu wa kushoto. Usiku, hali hiyo hutambulika nahodha anapoona mbele yake taa nyekundu na ya kijani za chombo kingine kwa pamoja. Akiwa na shaka, achukulie kwamba vinaelekeana, naye ageuke.

Njia zao zikikatana, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayepaswa kupisha. Usiku humwonea taa nyekundu, iliyo ubavuni kushoto mwa kila chombo. Hatari hujulikana kwa dira: iwapo chombo kinakaribia na upande kinakoonekana haubadiliki, mgongano unanyemelea. Anayepisha achukue hatua mapema, tena kubwa ya kuonekana waziwazi, na ajiepushe kukatiza mbele ya mwenzake. Kwa kawaida hugeukia kulia na kupita nyuma yake, au hupunguza mwendo.

Yule mwingine hudumisha mwelekeo na kasi yake, ili mwenzake aweze kukadiria atakapokuwa. Hata hivyo, haki hiyo si kinga. Akiona hapishwi, hupiga honi fupi tano au zaidi za haraka, na anaruhusiwa kujiepusha mwenyewe. Mgongano usipoweza tena kuepukika kwa hatua ya mwenzake pekee, analazimika kutenda. Asigeukie kushoto ikiwa hali inaruhusu, kwani huenda mwenzake akageukia kulia kwa kuchelewa, wakakutana palepale.

Katika ajali ya Izu, ACX Crystal ilikuwa kulia kwa Fitzgerald, hivyo wajibu wa kupisha ulikuwa wa manowari. Haikuchukua hatua mapema, na omo ya meli ya makontena ikatoboa ubavu wake wa kulia. Wachunguzi walibaini pia kwamba afisa wa zamu wa ACX Crystal hakuitambua manowari hiyo hadi hatari ilipokuwa imekaribia mno.

Kanuni hizi za kupishana hutumika pale tu vyombo vinapoonana kwa macho. Katika ukungu mzito, hakuna mwenye haki ya kupishwa: wote hupunguza mwendo na kujihadhari.