Panchang

Panchang ni kalenda ya Kihindu yenye viungo vitano vya kupimia wakati. Jijini Dar es Salaam huwaongoza Wahindu wa eneo la mahekalu ya Kisutu, jirani na Kariakoo, kupanga mifungo, harusi na ufunguzi wa maduka.

Viungo vinne hufuata anga. Tithi hubadilika mwezi unapolitangulia jua kwa nyuzi 12 zaidi. Karana ni nusu yake. Nakshatra ni moja ya sehemu 27 za njia ya mwezi, na yoga hutokana na kujumlisha nafasi za jua na mwezi. Cha tano, siku ya juma, huanza jua linapochomoza.

Tithi iliyopo macheo ndiyo kwa kawaida huipa siku jina, na hapo ndipo kalenda iliyochapwa India hupotosha. Chukua tithi ya 11, ekadashi, ya mfungo: ianze Jumatatu saa 1:00 asubuhi kwa saa za India, iishe Jumanne saa 12:40. Ahmedabad, macheo yakiwa saa 12:20, ekadashi ni Jumanne. Dar es Salaam, iliyo nyuma kwa saa mbili na nusu, huianza Jumatatu saa 10:30 alfajiri na kuimaliza Jumanne saa 10:10, kabla ya macheo. Kwa hesabu hiyo, hapa ekadashi ni Jumatatu.