Hodi, Karibu na Kalivu: Adabu ya Mlangoni Ilipofika Ukambani

A. C. Madan, alipotoa kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903, hakupata neno moja la kulilinganisha na hodi. Ilimbidi aeleze kwamba ni swali la kuomba ruhusa, na kwamba adabu humkataza mtu kuingia asipojibiwa. Ugumu huo una sababu. Kwa Mwingereza anayebisha, kazi hufanywa kwanza na mkono juu ya ubao wa mlango. Sauti hufuata, na mara nyingi ni ya mwenyeji anayeuliza nani yuko nje. Katika hodi, mgeni hujitambulisha kwa sauti yake mwenyewe kabla ya kuulizwa.

Majibu nayo hayalingani. Neno la Kiingereza la kukaribisha lina asili ya kumtaja mgeni ambaye ujio wake unapendeza. Karibu, lenye mzizi wa Kiarabu, hutaja umbali tu: sogea. Pwani mgeni huweza kuitikia "starehe", yaani usijisumbue kuinuka. Wala hodi haina haki ya kurudiwa bila kikomo. Kwa mafundisho ya Kiislamu mtu huomba idhini mara tatu, na asipoitikiwa hurudi zake. Ukimya pia ni jibu.

Je, adabu hii ilifikaje Kitui na Makueni? Wafanyabiashara wa Kikamba walipeleka pembe za ndovu Mombasa katika karne ya 19, na mmoja wao, Kivoi wa Kitui, alimpokea Ludwig Krapf mwaka 1849. Baadaye misafara ya Waswahili nayo ilipanda bara. Kikamba hakina sauti za r na b za Kiswahili, hivyo karibu likawa kalivu. Umbo hilo linaashiria neno lililoingia kwa masikio badala ya kuingia kwa kitabu, ingawa haliwezi kutupa mwaka.

Hata hivyo neno lilikuta mpangilio mwingine wa makazi. Mbele ya boma la Wakamba palikuwa na thome, uwanja wenye moto ambapo wanaume walikaa na kuzungumza. Gerhard Lindblom aliueleza katika utafiti wake uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1916. Mgeni aliyepitia hapo alikwisha kuonekana na kuamkiwa kabla ya kuufikia mlango wowote. Kwa hiyo ni kosa kudhani kwamba kabla ya kalivu hapakuwa na adabu ya kuingia. Idhini ilitolewa na mahali, na maamkizi yakafuata: "Wakya?" "Aa." Baraza ya nyumba ya pwani inakaribiana na thome kwa kazi, lakini imeshikamana na ukuta, na nyuma yake upo mlango unaoficha waliomo ndani. Hodi imezaliwa kwa ajili ya mlango huo. Pale ambapo wageni hawapitii tena thome, na boma limekuwa ua wenye lango lililofungwa, sauti ndiyo inayolazimika kutangulia.