Seftriaksoni ya mshipa: dakika tano zisizofaa kukatizwa

Wengi wetu tuliowahi kulaza mgonjwa tumeiona seftriaksoni, ile dawa ya unga mweupe au wa manjano hafifu inayokuja kwenye kichupa kidogo. Hutolewa kwa nimonia, homa ya uti wa mgongo na maambukizi mengine makali. Hutiwa kwa dripu au husukumwa taratibu kwa sirinji kupitia kanula. Makala haya yanahusu njia hiyo ya pili, ambayo ni kazi ya muuguzi. Hata hivyo, anayeuguza naye anafaa kujua kinachostahili kuonekana.

Tuchukue mtu mzima mwenye nimonia aliyeandikiwa gramu 1. Ana kanula nyuma ya kiganja, na dripu ya Ringa inaingia. Muuguzi kwanza anauliza kama mgonjwa amewahi kudhuriwa na penisilini au dawa za jamii hiyo. Kisha anayeyusha unga kwa mililita 10 za maji safi ya sindano. Maji yenye lignokeini, yanayotumika dawa hii ikidungwa kwenye msuli, hayaingizwi mshipani kamwe, kwa kuwa yanaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Ringa ina kalisiamu, nayo kalisiamu ikikutana na seftriaksoni huganda ikawa chembechembe. Kwa hiyo dripu hufungwa, na njia husafishwa kwa mililita 5 hadi 10 za maji ya chumvi. Usafishaji huu pia ni kipimo cha kanula. Maji yakiingia laini bila maumivu wala kufura, kanula imo mshipani. Yakigoma, hayalazimishwi.

Sasa dawa yenyewe. Mililita 10 kwa dakika 5 ni mililita 2 kila dakika, yaani nusu mililita kila sekunde 15. Njia nyepesi ni kuitazama saa ya ukutani, kusukuma nusu mililita, kungoja, kisha kusukuma tena. Kukisia hakufai, kwani mkono wenye haraka humaliza sirinji nzima kwa sekunde chache. Dawa nzito ikimiminwa kwa kasi kwenye mshipa mwembamba huunguza ukuta wake, na mgonjwa anaweza kuhisi moyo ukienda mbio na jasho likimtoka.

Kila dawa ina mwendo wake. Frusemaidi, kwa mfano, haipiti miligramu 4 kwa dakika, hivyo miligramu 40 huchukua dakika 10. Ikiharakishwa, masikio yanaweza kuvuma na hata kupoteza usikivu.

Wakati dawa inaingia, jicho moja liwe kwenye saa na jingine kwenye mkono. Tuseme baada ya mililita 4 mgonjwa anasema, "Sista, paniuma hapo." Muuguzi anasimama papo hapo, halafu analinganisha mikono yote miwili. Ngozi iliyofura, iliyokaza na kuwa baridi kuliko ya upande wa pili ni dalili kwamba dawa inamwagika nje ya mshipa. Damu kurudi kwenye kanula si hakikisho la kutosha. Kanula huondolewa, mkono huinuliwa juu ya mto, nyingine hutiwa mkono wa pili, na daktari huelezwa kwamba mililita 4 zilikwisha kutumika. Wekundu, joto na mshipa ulio mgumu kama kamba ni jambo jingine: mshipa wenyewe umewaka, na hapo pia kanula hutolewa.

Mwasho, vipele vya ghafla, uso kufura au pumzi kubana havisubiri. Dawa husitishwa, msaada huitwa, na adrenalini hudungwa kwenye msuli wa paja.

Ikiwa yote yamekwenda salama, maji ya chumvi hufuata tena. Mililita za mwanzo huingizwa kwa mwendo uleule wa dawa, kwa sababu dawa iliyobaki mpirani ndiyo inayosukumwa. Ndipo dripu ya Ringa hufunguliwa upya.

Kwa mtoto aliye chini ya siku 28 utaratibu huu hautumiki. Akiwa anapewa maji yenye kalisiamu, hapewi seftriaksoni kabisa, hata njia ikisafishwa. Akiruhusiwa kuipata, huingia kwa dripu ya polepole, dakika 60.

Anayeuguza asiguse sirinji wala kufungua dripu. Lakini mgonjwa akikunja uso, au pete ikianza kumbana kidole upande wa kanula, aseme hapo hapo. Mgonjwa mzee, mtoto au aliyepoteza fahamu huenda asiweze kujisemea.