Simu Kuchaji Simu: Historia Fupi ya Ukarimu Unaokula Betri

Nimenyamaza hapa kwa muda, kazi ya kuandika programu imenibana. Leo nimerudi na kisa kidogo, halafu historia inayokieleza.

Tulikuwa kwenye basi la usiku kutoka Nairobi kwenda Kisumu, mimi na binamu yangu. Mamake, yaani shangazi yangu, alikuwa amelazwa hospitalini, na binamu alikuwa akingoja simu kutoka kwa kakake. Simu yake ilikuwa na asilimia 3. Tundu la chaja kwenye kiti halikuwa na stima. Mimi nilikuwa na asilimia 58 na simu inayoweza kuchaji nyingine mgongo kwa mgongo, bila waya. Nikajiona fundi. Nikawasha, nikaziweka mapajani.

Saa moja hivi baadaye simu yangu ilikuwa imeshuka hadi 30 na ikajizima ukarimu yenyewe. Yake ilikuwa 13. Mimi nimetoa 28, yeye amepata 10. Binamu akaniuliza, "Hizo nyingine umezipeleka wapi?"

Swali zuri. Jibu lake linaanzia mwaka 2001.

Waya wa kwanza

Hapo mwanzo USB ilikuwa na bwana na mtwana. Tarakilishi ndiyo bwana: inatoa amri, na inatoa stima ya volti 5. Kifaa kilichochomekwa kinapokea tu. Simu na kamera zilikuwa upande wa watwana, kwa hivyo ukiunganisha mbili hakuna linalotokea, kila moja inangoja kupewa.

Desemba 2001 ilitoka nyongeza ya kanuni za USB iitwayo On-The-Go, ambayo wengi wetu tunaijua kama OTG. Wazo lake lilikuwa dogo na la busara. Waliongeza pini ya tano kwenye plagi, pini ya ID. Upande mmoja wa waya pini hiyo imeunganishwa na ardhi, upande mwingine imeachwa wazi. Simu inayoona pini imegusa ardhi inajua: "Leo bwana ni mimi," na inaanza kutoa volti 5.

Lakini itoe kiasi gani? Kanuni ilidai angalau miliampea 8 tu. Zidisha kwa volti 5 upate wati 0.04. Hiyo inatosha kuamsha kifaa kidogo, haichaji chochote cha maana. Lengo lilikuwa data: kamera izungumze na printa, simu isome flashi. Stima ilitolewa kwa sababu kifaa cha upande wa pili hakiwezi kuzungumza bila stima.

Kwa hivyo kuchaji kinyume kulianza kama jambo la pembeni. Mlango ulifunguliwa kwa ajili ya data, stima ikapitia humo humo.

Betri kubwa zinatafuta kazi

Kufikia 2014 simu zilikuwa zimenenepa. Januari mwaka huo, kwenye maonyesho ya CES kule Las Vegas, Huawei ilionyesha Ascend Mate2 4G yenye betri ya takriban 4000 mAh, kubwa mno kwa wakati ule. Sasa kuchaji simu nyingine kwa waya kulikuwa sifa ya kutangazwa. Tundu lilikuwa lile lile la zamani, na pini ya ID ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mtengenezaji aliweka ndani saketi yenye nguvu ya kutosha kupandisha volti za betri, ambazo ni 3.8 hivi, hadi 5.

Shikilia hilo la kupandisha, kwa sababu hasara inaanzia hapo. Betri haina volti 5. Lazima saketi ipandishe, na kila kupandisha kunaacha kiasi fulani kiwe joto. Simu inayopokea nayo haiwezi kuingiza volti 5 kwenye betri moja kwa moja. Inashusha tena, na inaacha joto lake. Tuseme kila hatua inapitisha asilimia 90. Hatua mbili ni 0.9 mara 0.9, yaani asilimia 81. Kwa waya, basi, anayetoa 25 anampa mwenzake kama 20. Si mbaya.

Mgongo kwa mgongo

Oktoba 2018, mjini London, Huawei ilizindua Mate 20 Pro. Hii iliondoa waya kabisa: weka simu nyingine juu ya mgongo wake, ichaji. Februari 2019 Samsung ikafuata na Galaxy S10 na kuiita Wireless PowerShare.

Ili kuelewa walichofanya, kumbuka jinsi chaja isiyo na waya inavyofanya kazi chini ya kanuni za Qi. Kwenye pedi kuna koili. Stima inageuzwa mkondo unaokwenda na kurudi zaidi ya mara laki moja kwa sekunde, na koili inazalisha uga wa sumaku. Koili ya simu inaunasa uga huo, kisha swichi nne ndogo zinaunyoosha kuwa mkondo wa upande mmoja unaofaa betri.

Sasa, swichi hizo nne hazijali mwelekeo. Ukiziendesha kinyume, zinachukua mkondo wa betri na kuugeuza uwe wa kwenda na kurudi, na koili ile iliyozoea kupokea inaanza kutuma. Hakukuhitajika koili ya pili. Mpokeaji amegeuzwa mtumaji. Sisi wa programu tungesema wamelitumia tena faili lile lile, wakaliita kutoka upande wa pili.

Lakini koili hiyo iliumbwa ipokee. Ni nyembamba kwa sababu simu ni nyembamba, na nyuma yake iko betri inayochukia joto. Pedi ya mezani ina nafasi ya koili nene, mara nyingine na feni. Ndiyo maana Mate 20 Pro ilitoa kama wati 2.5 tu, na S10 ikafika kama wati 4.5 mambo yakikaa sawa. Waandishi wa programu hawakuweka kikomo hicho kwa uchoyo. Kiliwekwa na joto.

Pia koili mbili lazima zitazamane katikati. Zikisogea kidogo, sehemu ya uga inapita hewani bila kunaswa na mtumaji analazimika kusukuma zaidi ili mwenzake apate kile kile. Sasa fikiria simu mbili mapajani, kwenye basi linalopita matuta.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wenye namba zinazojulikana. Galaxy S10 ina betri ya 3400 mAh. Kwa volti 3.85 hiyo ni wati-saa 13. Vipokea sauti vya Galaxy Buds vya mwaka huo huo vina kasha lenye betri ya 252 mAh, ambalo kwa volti 3.7 ni wati-saa 0.93. Tuseme njia nzima bila waya inafikisha nusu: kupandisha volti, koili hadi koili, kunyoosha, kushusha. Nusu ni makadirio ya haki kwa simu zilizotulia mezani.

Kujaza kasha tupu kutahitaji wati-saa 1.9 kutoka kwenye simu, ambazo ni asilimia 14 ya betri yake. Kasha likiwa nusu, ni asilimia 7. Utalalamika? Hapana. Umepoteza kidogo, na vipokea sauti vitaimba saa kadhaa.

Sasa weka S10 ya pili mahali pa kasha. Ukitaka kuipa asilimia 20, wewe utatoa 40. Itachukua karibu saa nzima, na wati-saa 2.6 zitabaki kuwa joto katikati ya migongo miwili ya kioo. Tena hapo hatujahesabu stima ambayo simu zote mbili zinakula kwa kuwa macho.

Mimi ndani ya basi sikufika hata hiyo nusu. Nilitoa 28, zikafika 10, na betri zetu zinalingana. Hiyo ni kama asilimia 36. Nyingine, binamu, zilikuwa zinatupasha mapaja joto.

Pima mwenyewe

Kama simu yako ni ya Android na umewasha uwezo wa kutatua hitilafu, andika hivi kwenye tarakilishi:

```
adb shell dumpsys battery
```

Angalia mistari miwili. `level` ni asilimia. `temperature` ni joto katika sehemu za kumi, kwa hivyo 378 maana yake ni nyuzi 37.8. Andika namba za simu zote mbili kabla ya kuanza, kisha kila dakika kumi. Tahadhari: usiache waya wa USB umechomekwa wakati wa jaribio, maana tarakilishi itakuwa inaichaji simu na namba zako zitakuwa uongo. Mimi nilidanganyika hivyo jioni nzima. Unganisha adb kupitia Wi-Fi, au chomeka, soma, chomoa.

Ukiona joto linapanda lakini `level` ya mpokeaji haisogei, koili hazijakutana. Toa kava, sogeza simu polepole, soma tena.

Kurudi kwenye waya

Kilichonifurahisha katika historia hii ni kwamba imezunguka. USB-C ilipotoka 2014, pini ya ID iliachwa. Ncha zote mbili za waya zinafanana, na simu mbili zinapokutana kila moja inabadilisha kauli haraka haraka, "natoa, napokea, natoa," mpaka zipishane. Ndiyo maana wakati mwingine simu yenye njaa ndiyo inayoanza kulisha iliyoshiba. Usiogope, fungua mipangilio ya USB kwenye simu na ugeuze mwelekeo.

Septemba 2023 iPhone 15 ilikuja na USB-C na uwezo wa kutoa hadi wati 4.5 kwa waya, kwa vipokea sauti, saa au simu nyingine. Ni wati zile zile za S10, ila kwa waya nyingi zaidi zinafika. Na Pixel 10 ya 2025 ilitoka bila Battery Share, iliyokuwepo tangu Pixel 5 ya 2020, baada ya mgongo wake kuwekewa sumaku za kushikilia chaja.

Yule kakake binamu alipiga simu tulipokuwa tumepita Nakuru. Zile asilimia 10 zilitosha. Shangazi alikuwa ameamka na anaulizia chai. Lakini yangu, ambayo ndiyo ilikuwa na pesa za nauli ya kutoka stendi hadi hospitalini, ilizimika kabla hatujafika, na asubuhi tulimwomba mama wa kibanda atuchajie kwanza.

Mkobani mwangu siku hizi kuna waya mfupi wa USB-C kwa USB-C. Mgongo wa simu nimewaachia vipokea sauti.

Haya, ukipima simu yako niachie namba zako hapo chini. Hadi wakati mwingine.