Mbinyo wa oringi

Anayechora kasha la kuzuia maji ili alichape kwa printa ya 3D hukutana na istilahi ambayo, ikitafsiriwa vibaya, humharibia vipimo. Vitabu vyetu vya fizikia vina neno mgandamizo, na mwanafunzi hulielewa kwa mfano wa hewa ndani ya pampu ya baiskeli: ukisukuma, hewa inashindiliwa na ujazo wake unapungua. Oringi, ile pete ya mpira inayokaa kati ya kasha na kifuniko, haina tabia hiyo. Ujazo wa mpira karibu haupungui kabisa. Ukiushusha kimo, unatanuka ubavuni. Ndiyo maana napendekeza neno mbinyo, kwa maana ya sehemu ya unene wa oringi inayoshuka kifuniko kinapofungwa, ikihesabiwa kwa asilimia. Mtaro unaoishika oringi tuuite mfuo, na uso unaopokea mpira, uwe sakafu ya mfuo au upande wa chini wa kifuniko, tuuite kikalio. Atakayesema kwamba mgandamizo umeshazoeleka shuleni yuko sahihi, na libaki huko kwa ajili ya hewa. Kwa mpira linamfanya fundi asahau kuuachia nafasi.

Tuchukue kasha la chombo cha kurekodi mvua, la kuwekwa kwenye vilima vya upande wa Kashebere, Masisi inapopakana na Walikale. Oringi ina unene wa milimita 2. Mfuo wenye kina cha milimita 1.5 unaacha nusu milimita ibinywe, yaani mbinyo wa asilimia 25, katikati ya asilimia 20 na 30 zinazofaa kwa kifuniko kinachofungwa na kutulia. Mwenye picha ya pampu kichwani ataupa mfuo huo upana wa milimita 2, kwa kuwa oringi nayo ni ya 2. Lakini mkato wa oringi una eneo la milimita mraba 3.14, na mfuo wake una 3.0 tu. Mpira hauna pa kwenda. Kifuniko hakifiki chini hata skurubu zikazwe vipi. Kinapinda kati ya skurubu na skurubu, na maji yanaingilia pale pale. Upana wa milimita 2.7 unatoa eneo la 4.05, ambalo mpira hulijaza kwa karibu asilimia 78, na nafasi iliyobaki inausubiri uvimbe wa joto.

Wapo watakaouliza kwa nini kuhangaika hivi ilhali kasha halizamishwi, linanyeshewa tu. Jibu limo katika hewa iliyofungiwa ndani. Jua likilipasha kasha hadi nyuzi 45, kisha mvua ikalipoza ghafla hadi 20, kanieneo ya hewa hiyo hushuka kwa karibu asilimia 8. Kwenye nyanda zenye kimo cha mita 2,000, upungufu huo unalingana na uzito wa maji yenye kina cha zaidi ya sentimita 60. Kasha linavuta tone lolote lililosimama kwenye ukingo wa kifuniko, na hilo hurudiwa kila jua linapofuatwa na mvua. Wengine watasema basi tubinye zaidi, hata asilimia 40. Mpira uliobinywa kupita kiasi huchoka na kubaki bapa, usirudishe tena msukumo; na plastiki ya PLA, ambayo hulainika kwenye nyuzi 60 hivi, hulegea polepole chini ya mzigo huo. PETG huvumilia zaidi.

Printa nayo ina mipaka yake. Ukichapa kwa tabaka za milimita 0.2, kina cha 1.5 hakipatikani: utapata 1.4 au 1.6, yaani mbinyo wa asilimia 30 au 20. Tabaka za 0.15 hufika pale pale kwa tabaka kumi. Mistari ya plastiki kwenye kikalio ni jambo zito zaidi, maana mstari unaokatiza oringi ni mfereji mdogo wa kupitishia maji kutoka nje hadi ndani. Sakafu ya mfuo ichapwe kwa mistari inayozunguka pamoja nao, na kikalio cha kifuniko kilale juu ya kioo cha printa ili kitoke laini. Kwenye pembe, mfuo upinde kwa nusu kipenyo kisichopungua milimita 6, mara tatu ya unene wa oringi.

Kabla ya kutia chombo ndani, paka masizi membamba juu ya oringi, funga, kaza skurubu kwa kupokezana pande, kisha fungua. Kwenye kikalio cha kifuniko patabaki alama nyeusi. Ikizunguka yote kwa upana ule ule, mbinyo umefika kila mahali. Inaposinyaa kati ya skurubu mbili, kifuniko kimeinuka hapo, na hapo ndipo pa kuongeza skurubu au kunenepesha kifuniko.