Jiki ya zamani na jiki mpya: kiasi gani cha kila moja?

Wiki iliyopita mama mmoja wa kikundi cha kutengeneza sabuni mtaani kwetu alinisimamisha njiani. Kikundi chao huuza jiki ya kupima, ile unayokwenda na chupa yako ukajaziwa. Walikuwa na mitungi ya jiki ya mwaka jana iliyopungua nguvu, na mtungi mpya wa dawa kali kutoka kwa muuza kemikali. "Kaka, nikichanganya nusu kwa nusu si itakuwa sawa?" akaniuliza.

Haitakuwa sawa, na hesabu yenyewe si ngumu.

Tuseme ya zamani imebaki asilimia 2 ya klorini, mpya ni asilimia 10, na wateja wanataka asilimia 3.5, kwa kuwa ndiyo inayoandikwa kwenye chupa nyingi za dukani. Nusu kwa nusu itatoa asilimia 6, karibu mara mbili ya inayotakiwa. Nguo ya rangi itaharibika na mikono itawasha.

Fanya hivi. Chukua nguvu ya dawa kali, utoe nguvu unayoitaka: 10 kutoa 3.5 ni 6.5. Hayo ni mafungu ya dawa *hafifu*. Kisha chukua unayoitaka, utoe nguvu ya dawa hafifu: 3.5 kutoa 2 ni 1.5. Hayo ni mafungu ya dawa *kali*. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu jibu linavuka upande: tofauti ya kali inakwenda kwa hafifu, na ya hafifu inakwenda kwa kali. Ukisahau, kumbuka kwamba 3.5 iko karibu na 2 kuliko 10, kwa hiyo lazima hafifu iwe nyingi.

Mafungu yote ni 8. Ukitaka lita 20, kila fungu ni lita 2.5. Basi hafifu ni lita 16.25 na kali ni lita 3.75. Hakikisha kabla ya kumimina: 16.25 mara 2 ni 32.5, na 3.75 mara 10 ni 37.5. Jumla ni 70, gawanya kwa 20, unapata 3.5. Angegeuza vipimo hivyo viwili, angepata asilimia 8.5, na angeiuza kwa majirani zake bila kujua.

Yule mama hakuwa na haja ya lita 20. Alitaka tu kumaliza lita 13 za zamani zilizobaki. Hapo unaanza na ulichonacho: 13 gawanya kwa 6.5, kila fungu ni lita 2, kwa hiyo kali inayohitajika ni mafungu 1.5, yaani lita 3. Atapata lita 16.

Sasa tatizo lenyewe. Hesabu hii inaamini namba unazoipa, na joto letu la pwani haliheshimu lebo. Jiki hupoteza nguvu ikikaa, zaidi kwenye joto na jua, na ile kali hushuka haraka kuliko hafifu. Mtungi ukivimba, ni hewa ya oksijeni inayotoka dawa inapovunjika. Kama ile ya asilimia 10 kwa kweli imeshuka hadi 8, zile lita 20 zitakuwa na kama asilimia 3.1. Na kama imeshuka chini ya 3.5, hakuna kipimo cha kuchanganya kitakachokufikisha.

Kwa kufua shuka si neno. Lakini ikija kipindupindu, watu huambiwa wachanganye kikombe kimoja cha jiki ya 3.5 na vikombe sita vya maji wapate asilimia 0.5 ya kusafishia sakafu na choo cha mgonjwa. Jiki ya asilimia 2 kwa kipimo hichohicho haifiki hata 0.3, na harufu haitakuambia.

Njia rahisi ya kukisia ni vile vijikaratasi vya kupima klorini ya bwawa la kuogelea. Pima kwanza maji ya kunywa ya mtungi wa lita 10, uhakikishe hayana klorini. Kisha tia mililita 1 ya jiki kwa bomba la sindano, koroga, upime. Usomaji wa miligramu 2 kwa lita ni asilimia 2, na 3.5 ni 3.5. Hiyo dawa kali itasoma karibu na 10, ambayo kwa vijikaratasi vingi ndiyo mwisho wa rangi, kwa hiyo tia nusu mililita kisha uzidishe matokeo mara mbili. Rangi ni makisio. Anayeuza kwa wingi apeleke sampuli maabara.

Changanyeni nje penye upepo, kwenye chombo cha plastiki, mkivaa glavu, mkimimina kali ndani ya hafifu taratibu. Na mtungi uwe wa jiki tu: masalio ya asidi ya choo au siki ndani yake yatatoa gesi ya klorini hapohapo.

Yule mama alipima. Ya zamani ilisoma kati ya 1 na 2, kwa hiyo tukaanza hesabu upya kwa 1.5: mafungu 6.5 ya hafifu kwa mafungu 2 ya kali. Kwa lita zake 13, ikawa lita 4 za kali badala ya 3.